Kuvuta Sigara Ndani ya Nyumba ya Kupanga: Mwenye Nyumba Anapomwomba Mpangaji Aache

Nyumba ya Kiswahili, ya aina inayopatikana kwa wingi jijini Dar es Salaam, ina umbo linalofahamika: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa mbele unaotokea barazani na mlango wa nyuma unaotokea uani, penye bafu na choo cha pamoja. Kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake na familia yake. Kuta zinazotenganisha vyumba aghalabu huishia usawa wa kenchi. Juu yake kuna uwazi mmoja chini ya bati, uliofunikwa kwa dari nyembamba, na katika nyumba nyingi dari hiyo ama imepasuka ama haikuwekwa kabisa. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita huhesabu chumba chake kuwa milki yake kwa muda huo, na ana haki ya kuhesabu hivyo. Hewa haihesabu hivyo. Inayoanzia chumba cha nne huishia cha tatu na cha tano, na huchukua pamoja nayo kila kilichochanganyika nayo.

Kwa sababu hiyo, ombi la mwenye nyumba kwamba mpangaji asivute sigara ndani si jambo la adabu au la mapendeleo tu. Ni jambo la afya na la usalama wa watu wote wanaolala chini ya bati moja. Hata hivyo, ombi hilo mara nyingi hutolewa vibaya, na likitolewa vibaya huzaa ugomvi bila kuondoa moshi. Kisa kinachofuata kimetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini kila sehemu yake ni ya kawaida katika nyumba za namna hiyo.

Mwenye nyumba ni mjane wa makamo anayeishi chumba cha kwanza. Chumba cha nne amepanga dereva wa bajaji, mwanaume wa miaka 34, anayerudi kila siku baada ya saa tano usiku. Chumba cha tano, kinachopakana naye, anaishi mama mwenye mtoto wa miaka sita aliye na pumu. Tangu dereva ahamie, yule mama amekuwa akilalamika kwamba mtoto anakohoa usiku na kwamba dawa yake ya kuvuta inakwisha mapema. Mwenye nyumba alisikiliza lakini hakusema neno, kwa kuwa dereva ni mlipaji mzuri na hana makuu. Kisha asubuhi moja, wakati dereva akianika godoro lake uani, mwenye nyumba akaona tundu jeusi lenye ukubwa wa sarafu kwenye kona ya godoro, na ndani ya tundu sponji iliyoyeyuka. Siku hiyo akaamua kuzungumza.

Kabla ya kufuata mazungumzo yao, yafaa kueleza mambo mawili ambayo mwenye nyumba alihitaji kuyajua sawasawa, kwa sababu mpangaji hakukosa majibu.

Moshi unavyosafiri

Sigara hutoa moshi wa aina mbili. Upo ule ambao mvutaji huuvuta na kuutoa tena, na upo ule unaotoka kwenye ncha inayowaka wakati sigara imeshikwa tu mkononi au imelazwa kwenye kisahani. Huu wa pili ndio mwingi zaidi katika moshi unaobaki chumbani, na haukupita kwenye kichungi chochote. Ndani ya moshi wa sigara kuna maelfu ya kemikali, na zipatazo 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa zinaweza kusababisha saratani. Sehemu kubwa ya moshi huo haionekani kwa macho. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba hazitui sakafuni kama vumbi la barabarani. Huelea kwa saa kadhaa, na zikivutwa hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu.

Jibu la kwanza la wavutaji wengi ni kwamba wao hufungua dirisha. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Dirisha lililo wazi huingiza upepo mara nyingi kama linavyoutoa, na upepo ukiingia husukuma moshi upande usiotarajiwa: chini ya mlango kuelekea ukumbini, au juu kupitia uwazi wa dari. Mtu anayevuta akiwa amesimama dirishani kwa ndani hufanya hivyohivyo kwa namna nyingine, kwa kuwa moshi hutoka nje kisha hurudi kupitia dirisha la chumba kinachofuata. Feni haiondoi moshi, inauchanganya. Ubani, udi na manukato ya kupuliza huficha harufu na kuacha chembe palepale zilipokuwa, na wenyewe udi huongeza moshi juu ya moshi. Wataalamu wa mifumo ya hewa katika majengo wamekubaliana kwamba hakuna mtindo wa kupitisha hewa unaoweza kuondoa madhara ya moshi wa sigara ndani ya jengo. Njia ni moja tu, kutovuta ndani. Kama ndivyo ilivyo kwa majengo yenye mashine za kusafisha hewa, nyumba ya vyumba sita isiyo na dari haina pa kutokea.

Kwa mtoto mwenye pumu, njia zake za hewa tayari zina uvimbe na ni nyepesi kukaza. Moshi huongeza uvimbe huo, huongeza makohozi, na hufanya misuli ya njia za hewa ijifunge. Kinachoonekana ni kikohozi cha usiku, kifua kinacholia kama filimbi, kuchoka akicheza, na kuhitaji dawa ya kufungua kifua mara nyingi kuliko ilivyokuwa. Watoto wasio na pumu nao hawasalimiki: walio karibu na moshi wa sigara hupata zaidi maambukizi ya mapafu na ya sikio la kati, na watoto wachanga huwa katika hatari zaidi ya kifo cha ghafla usingizini. Kwa watu wazima wasiovuta wanaoishi na moshi wa wengine, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa takriban asilimia 25 hadi 30. Hakuna kiasi cha moshi huo ambacho kimethibitishwa kuwa salama, na hiyo ndiyo sababu ombi la kupunguza kidogo halitoshi. Sigara tatu badala ya sita bado ni sigara tatu zinazoingia chumba cha tano.

Moto unaofukuta

Tundu kwenye godoro lilikuwa na habari nzito kuliko mwenye nyumba alivyodhani. Watu wengi huamini kwamba sigara ikiangukia kitandani moto utawaka mara moja, mtu ataamka na kuuzima. Mara nyingi haiwi hivyo. Kaa la sigara hufikia takriban nyuzi 900 za sentigredi mtu anapovuta, na hubaki na joto la mamia ya nyuzi hata likiachwa peke yake. Likiangukia shuka la pamba au foronya, kitambaa hakiwaki kwa mwali, hufukuta. Ukingo mwekundu hutambaa polepole ndani ya kitambaa na kuingia kwenye sponji au sufi ya godoro, huku ukitoa moshi mzito na gesi ya kaboni monoksidi. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa nusu saa, saa moja au zaidi, kisha ghafla, joto likishajilimbikiza na hewa ikipatikana, mwali hulipuka na godoro zima kuwaka.

Hatari iko katika ule muda wa kimya. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu aliyelala huzidi kulala. Mtu asitegemee kwamba harufu ya kuungua itamwamsha. Aliyerudi amechoka baada ya saa kumi na nne barabarani, akavuta sigara ya mwisho akiwa amejilaza, ndiye hasa aliye katika hatari hiyo. Aliyekunywa pombe zaidi. Chandarua huongeza jambo lake, maana nyuzi zake huyeyuka na kudondoka zikiwa za moto.

Sasa moto huo uwekwe ndani ya nyumba ya Kiswahili. Madirisha yana nondo. Mlango wa mbele hufungwa kwa kufuli saa nne usiku, na ufunguo hukaa kwa mwenye nyumba. Mlango wa nyuma una komeo na kufuli kwa sababu ya wezi. Moshi wa chumba cha nne hupanda juu, hutapakaa chini ya bati na kushuka katika vyumba vyote kabla mwali haujaonekana ukumbini. Anayelala chumba cha tano hana njia isipokuwa ukumbi uleule uliojaa moshi, na mwisho wa ukumbi kuna kufuli. Hapa ni lazima kusema wazi kwamba sigara ni kosa la mpangaji, lakini kufuli ni la mwenye nyumba.

Mtu akikuta godoro limeshika alama ya moto na linatoa moshi kidogo tu, alimwagie maji mengi, alitoe nje mbali na ukuta, na asilirudishe ndani siku hiyo hata kama linaonekana limezimika. Moto wa kufukuta hujificha ndani ya sponji na huweza kuamka saa nyingi baadaye. Kama moshi umeshajaa chumbani au mwali umeonekana, asihangaike na godoro. Afunge mlango wa chumba, aamshe nyumba nzima, watu watoke wakiwa wameinama chini ya moshi, na wapige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Kulikokota godoro linalowaka kupitia ukumbini ni kuuziba kwa moto ukumbi ambao watu wanauhitaji.

Mazungumzo

Mwenye nyumba aliponda kosa moja ambalo wengi hulifanya: hakumngojea dereva mlangoni usiku, wala hakumsema mbele ya wapangaji wengine. Alichagua Jumapili mchana, dereva akiwa amekula na amepumzika, akamwita barazani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kaa. Kazi zinaendaje?”

“Tunashukuru Mungu, mama. Mafuta ndiyo yanatumaliza.”

“Nimekuita kwa jambo moja, na si la kodi. Kodi yako sina shaka nayo. Juzi niliona godoro lako lina tundu.”

Dereva aliinamisha kichwa. “Lilinipitia usingizi, mama. Lakini niliwahi kuzima.”

“Umewahi mara hii. Humu ndani tumelala watu kumi na nne, na dirisha lolote lina nondo. Siku usipowahi, hatutoki. Jambo la pili ni mtoto wa jirani yako. Anaumwa kifua, na moshi unapita juu ya ukuta. Ninachokuomba ni hiki: usivute sigara chumbani, wala ukumbini, wala chooni. Kuvuta au kuacha ni juu yako. Ila uvutie nje, kule kwenye kona ya ua nyuma ya bafu.”

“Mbona mimi nafungua dirisha, mama?”

“Ukifungua dirisha moshi unaingia kwa mwenzako. Dirisha lako na lake yametenganishwa na hatua mbili.”

Dereva alinyamaza, kisha akasema neno ambalo mwenye nyumba hakulitarajia. “Na usiku wa manane je? Mlango wa nyuma una kufuli. Nikiamka saa tisa na hamu imenishika, nitoke wapi? Na moto ukiwaka kwa mwingine, kwa jiko la mkaa au umeme, mimi nitatoka wapi?”

Hilo ndilo lililokuwa kiini cha jambo lote, na mwenye nyumba alikuwa na busara ya kulitambua. Akakubali kuondoa kufuli la ndani kwenye mlango wa nyuma na kuweka komeo linalofunguka kwa mkono bila ufunguo. Akaahidi pia kwamba ufunguo wa mlango wa mbele utatundikwa kwenye msumari ukumbini, mahali ambapo kila mpangaji anapajua gizani. Dereva naye akakubali kuvutia kwenye kona ya ua. Kila mmoja aliondoka na kazi ya kufanya.

Yapo mambo matatu katika mazungumzo hayo ambayo mtu anayetaka kufanya kama yeye ayazingatie. La kwanza ni kwamba mwenye nyumba aliomba kitu kilicho wazi na kinachopimika. Hakusema “punguza” wala “uwe mwangalifu”. Alitaja mahali ambapo haparuhusiwi na mahali ambapo panaruhusiwa. La pili, alitenganisha kuvuta ndani na kuvuta kwa jumla. Mtu aliyezoea tumbaku kwa miaka kumi na mitano akiambiwa aache kabisa kama sharti la kukaa chumbani, ataitikia na kuendelea kwa siri. Na anayevuta kwa siri huvuta chooni au chini ya shuka, penye hatari zaidi. La tatu, hakumbebesha dereva lawama ya ugonjwa wote wa mtoto, jambo ambalo kama ingekuwa hivyo angelikosea, kama itakavyoonekana.

Mahali pa kuvutia pasichaguliwe ovyo. Ua wa nyumba nyingi umezungukwa na ukuta, na moshi huweza kukwama humo na kurudi madirishani. Kona iliyo umbali wa hatua kumi au zaidi kutoka dirisha lolote, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda nje, ndiyo inayofaa. Baraza la mbele halifai, hata kama ni nje, kwa kuwa madirisha mawili hufungukia hapo na ndipo watoto wanapocheza. Kwenye kona hiyo pawekwe kopo la bati lenye mchanga kwa ajili ya vipisi. Ndoo ya taka yenye karatasi na mifuko ni mahali pabaya kabisa pa kutupia kipisi.

Kile kinachomwamsha saa tisa

Mfanyakazi wa afya anayesoma kisa hiki atakuwa ameona dalili katika maneno ya dereva. Nikotini hupungua mwilini haraka. Kiasi chake katika damu hushuka hadi nusu kwa muda wa saa mbili hivi. Mvutaji sugu anayeamka usiku kwa ajili ya sigara, au anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka asubuhi, ana uraibu wenye nguvu, na swali hilo moja la sigara ya kwanza humweleza mhudumu mengi kuliko idadi ya sigara kwa siku. Mtu huyo si mkaidi. Akinyimwa nikotini hupata hasira, kutotulia, usingizi mbaya na njaa, na hali hiyo huwa kali zaidi katika siku za mwanzo na kufifia katika wiki chache zinazofuata.

Kutoka nje kila anapotaka kuvuta humsaidia zaidi ya anavyofikiri. Hamu kali ya sigara huja kama wimbi na kwa kawaida hupungua baada ya dakika chache. Anayepaswa kuvaa, kufungua komeo na kutembea hadi kona ya ua, mara nyingine hukuta wimbi limepita. Imeonekana katika nchi mbalimbali kwamba wavutaji wanaoishi katika nyumba zisizoruhusu kuvuta ndani huvuta sigara chache zaidi, hujaribu kuacha mara nyingi zaidi, na hufanikiwa zaidi. Dereva akifika kituo cha afya kwa jambo lolote, hata la mgongo, mhudumu atumie dakika tatu: amuulize kama anavuta, amweleze wazi madhara yake yanayomhusu yeye, amuulize kama angependa kuacha, na kama angependa, wapange siku maalumu ndani ya wiki mbili. Bidhaa za kutoa nikotini bila moshi, kama bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na pale zinapopatikana huongeza nafasi ya kufanikiwa, hasa zikienda pamoja na ushauri. Kama bado hayuko tayari, asisukumwe. Aulizwe tena safari ijayo.

Mama wa chumba cha tano

Mtoto mwenye pumu anapoletwa kituoni akiwa amezidiwa, mhudumu kwa kawaida huuliza: “Nyumbani kuna anayevuta sigara?” Mama wa chumba cha tano alijibu “hapana”, na alijibu kweli, kwa kuwa katika familia yake hakuna avutaye. Jibu hilo likaandikwa kwenye kadi, na dawa ikaongezwa. Katika mji wa wapangaji swali hilo ni pungufu. Linapaswa kuwa: “Je, katika nyumba mnamolala yupo yeyote anayevuta sigara ndani, hata kama si wa familia yenu? Moshi wake mnausikia chumbani?” Kisha lifuate swali la wakati: kikohozi huanza saa ngapi? Kikohozi kinachoanza kila siku baada ya saa tano usiku, na ambacho hakipo mtoto akilala kwa bibi yake, kinaelekeza kwenye kitu kilichomo katika nyumba hiyo usiku.

Lakini mhudumu asiishie kwenye sigara. Katika kisa hiki, mama mwenyewe alikuwa akiwasha dawa ya mbu ya mduara kila usiku, chini ya kitanda cha mtoto, mlango ukiwa umefungwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja ya namna hiyo ikiungua hadi mwisho inaweza kutoa chembe laini za moshi kwa uzito sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Ulinganisho huo ni wa uzito wa chembe tu, si wa kemikali zote, na haufanyi sigara kuwa nyepesi. Unaonyesha hata hivyo kwamba mtoto huyu alikuwa akivuta moshi kutoka pande mbili, na mmoja ulitoka umbali wa mkono mmoja. Koili hiyo pia ni kaa linalowaka usiku kucha karibu na shuka linaloning’inia. Chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, hufanya kazi hiyo bila moshi na bila moto.

Kwa hiyo mama alipewa mambo mawili: kuacha koili, na kuandika kwenye daftari kila asubuhi kama mtoto alikohoa usiku na mara ngapi alitumia dawa ya kuvuta. Aliambiwa asimwachishe mtoto dawa zake za pumu kwa kuwa tu moshi umepungua, kwani uvimbe wa njia za hewa hautulii kwa siku moja. Wiki nne za daftari zilitosha kuonyesha mwelekeo. Katika wiki ya kwanza mtoto alikohoa usiku tano. Katika wiki ya nne, usiku mmoja, na ulikuwa usiku ambao mvua kubwa ilinyesha na dereva akakiri asubuhi yake kwamba alivutia mlangoni mwa nyuma badala ya konani. Haiwezekani kusema kwa hakika ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na sigara na kiasi gani na koili. Kwa mtoto haikuwa na umuhimu.

Kuyaweka katika maandishi

Makubaliano ya barazani husahaulika mpangaji mpya anapoingia. Njia ya karibu kwa mwenye nyumba ni mkataba wa upangaji, hata ule wa ukurasa mmoja unaoshuhudiwa na mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Maneno machache yanatosha: “Mpangaji na wageni wake hawatavuta sigara chumbani, ukumbini, bafuni, chooni wala barazani. Mahali pa kuvutia ni kona ya ua nyuma ya bafu, na vipisi vitatiwa kwenye kopo la mchanga. Mwenye nyumba atahakikisha milango yote miwili inaweza kufunguliwa kutoka ndani wakati wote.” Neno “wageni” lisisahauliwe, kwa maana mara nyingi anayevuta chumbani ni rafiki aliyekuja kutazama mpira. Sentensi ya mwisho nayo isiachwe, kwa sababu mpangaji akiona mwenye nyumba amejifunga kwa maandishi, hulichukua sharti la sigara kuwa la haki. Kwa mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya mbele chini ya mkataba usiotaja sigara, kifungu hicho kiongezwe kwa hiari yake, au kingojee mkataba utakaofuata.

Ikiwa mpangaji atakataa kabisa, mwenye nyumba asikate umeme wala asitoe vitu nje. Afikishe shauri kwa mjumbe akiwa na tarehe alizoandika na, kama lipo, godoro lenye tundu. Wakati shauri likisubiri, lipo jambo linaloweza kufanyika siku hiyohiyo: kumhamisha mtoto. Mwenye nyumba akikubali kubadilishana, familia ya chumba cha tano ihamie chumba cha mwisho upande wa pili wa ukumbi, uwazi wa juu ya ukuta uzibwe kwa mbao nyembamba au hata turubai lililogongomewa vizuri, na kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya mlango usiku. Hatua hizo hupunguza moshi tu, haziuondoi, na hazigusi kabisa hatari ya moto. Kwa sababu hiyo komeo la mlango wa nyuma lisisubiri shauri.